Kupanga upya sehemu za andiko refu ili meneja aifuate hoja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa watu wanaoniletea maandiko yao niyahariri, wengi wao wakiwa wataalamu katika ofisi za Dar es Salaam. Wanajua vizuri wanachokiandika, ila wanashangaa kwa nini wakubwa hawafiki ukurasa wa kumi. Mfano mmoja utajirudia toka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mpangilio haueleweki bila andiko la kushika mkononi.

## Mambo ya msingi

Andiko linalozungumziwa hapa ni lipi?

Ni lile andiko refu, kurasa 20 hadi 50 hivi, linaloeleza tatizo, likachambua njia za kulitatua, kisha likapendekeza mojawapo. Wapo wanaoliita waraka mweupe. Mimi nalikwepa jina hilo, kwa sababu mtu wa ofisi ya umma akisikia "waraka" anafikiria agizo kutoka juu. Nitasema "andiko" tu, kama tunavyosema ofisini.

Mfano wetu ni andiko la kurasa 36 lililoandikwa kwa ajili ya kampuni ya kusambaza bidhaa za dukani. Godauni lao liko Vingunguti na wana kirikuu 40 zinazotumia petroli. Swali lililokuwa mezani: je, magari hayo yafungwe mfumo wa gesi asilia? Mwandishi alikuwa mhandisi hodari, na hesabu zake zilikuwa sahihi. Hata hivyo andiko lilikaa miezi kadhaa mezani kwa wakubwa bila kujibiwa ndiyo wala hapana.

Kwa nini mpangilio nilioandikia usitoshe kusomea?

Kwa sababu uliandika kwa kufuata safari yako, na msomaji hakuwa nawe safarini. Ulianza kwa kusoma historia, ukatafuta mbinu, ukakusanya takwimu, ukapiga hesabu, mwisho ukaamua. Tazama mpangilio wa awali wa andiko la kirikuu:

1. Utangulizi na historia ya gesi asilia nchini
2. Mbinu za utafiti
3. Jinsi mfumo wa gesi unavyofanya kazi kwenye gari
4. Kanuni na ukaguzi
5. Matumizi ya petroli ya magari yetu kwa sasa
6. Vituo vya kujazia gesi na foleni
7. Gharama na marejesho
8. Hatari
9. Mapendekezo
Kiambatisho A: Njia za kila gari na kilomita za siku

Hakuna kibaya katika sehemu yoyote kati ya hizo. Lakini meneja wa fedha alikutana na shilingi ya kwanza ukurasa wa 22. Kabla ya hapo alikuwa amesomeshwa kwamba gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ikaanza kutumika kibiashara mwaka 2004. Ni kweli tupu, na hakuna aliyekuwa akiibishia. Ukitumia kurasa nne kuthibitisha jambo lisilobishiwa, msomaji atadhani hata zinazofuata ziko hivyohivyo.

Meneja hulisomaje andiko?

Kwa vipande. Niliowaona mimi husoma ukurasa wa kwanza, wakaruka hadi palipo na fedha, wakarudi nyuma kutafuta kitu kimoja kinachowatia shaka. Mmoja aliniambia kwamba maandiko yote huyasoma kwenye simu akiwa kiti cha nyuma, foleni ya Barabara ya Bagamoyo ikiwa imeganda. Kwa hiyo mpangilio mzuri lazima ubebe mizigo miwili: anayesoma moja kwa moja aone hoja ikipanda ngazi, na anayeruka akitua popote ajue yuko wapi na amekosa nini.

## Kabla ya kuhamisha chochote

Nianzie wapi?

Usianze kwa kukata na kubandika. Chukua karatasi tupu, uandike sentensi moja kwa kila sehemu: sehemu hii inadai nini? Nasema inadai nini, sisemi inahusu nini. "Inahusu vituo vya gesi" haikusaidii. "Gari lisilopita karibu na kituo litapoteza muda wa kazi likifuata gesi" ni dai, na dai linaweza kupangwa kwa sababu linaweza kumtegemea mwenzake.

Katika andiko la kirikuu zoezi hili lilichukua saa moja na nusu, na likafichua mambo mawili. Sehemu ya 1, ya 2 na ya 3 hazikuwa na dai lolote ambalo uamuzi uliliegemea. Halafu dai kubwa kuliko yote lilikuwa limefichwa kwenye Kiambatisho A: magari 14 kati ya 40, yale yanayokwenda Kibaha, Bagamoyo na pembezoni mwa jiji, yalikuwa yakitembea kilomita nyingi mno kwa siku kuliko yale 26 ya katikati ya mji.

Sehemu isipokubali kuingia katika sentensi moja, mara nyingi ni sehemu mbili zilizofungwa kamba. Ikate kwanza, upange baadaye. Na sehemu mbili zikitoa sentensi moja, moja ya kwenda na maji umeshaipata.

Nitajuaje sehemu ipi itangulie?

Chukua kila sentensi uiulize: ili msomaji aikubali hii, lazima awe ameshakubali ipi? Chora mshale kutoka ile inayohitajika kwenda kwa ile inayoihitaji. Sehemu yenye mishale mingi inayotoka ndiyo nguzo, nayo inakwenda mbele. Sehemu ambayo haitoi mshale wala haipokei haina kazi katika mwili wa andiko.

Hebu tuifanye kwa gari. Nitatumia namba za mviringo za kielelezo tu, si bei za sokoni. Tuseme kufunga mfumo ni shilingi 2,000,000 kwa gari, na kila kilomita inayokwenda kwa gesi inaokoa shilingi 100. Gari la Bagamoyo linatembea kilomita 130 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Linaokoa shilingi 338,000 kwa mwezi, na gharama inarudi katika miezi 6 hivi. Gari la Kariakoo na Ilala linatembea kilomita 45. Linaokoa shilingi 117,000 kwa mwezi, na gharama inarudi katika miezi 17.

Umeona kinachotokea? Bei ya mfumo ni ileile, akiba kwa kilomita ni ileile, ila jibu limegeuka kwa sababu ya kilomita. Kwa hiyo sehemu ya gharama haiwezi kuaminika kabla ya msomaji kuziona njia za magari. Katika andiko la awali, meneja wa fedha alikuta wastani wa magari yote 40, akauona hauvutii, akafunga. Jedwali ambalo lingemgeuza lilikuwa kiambatisho cha mwisho, mahali ambapo watu huweka vitu wasivyotaka kuvitupa.

Baada ya mishale kuchorwa, mpangilio mpya ukawa huu:

Ukurasa wa kwanza: uamuzi unaoombwa
1. Bili ya petroli ilivyo sasa (zamani ya 5)
2. Magari yanakotembea (zamani Kiambatisho A)
3. Vituo viko wapi (nusu ya kwanza ya zamani ya 6)
4. Chaguo tatu: yote 40, yale 14, au kutofanya kitu (mpya)
5. Foleni itakula nini katika kila chaguo (nusu ya pili ya 6)
6. Gharama na marejesho (zamani ya 7)
7. Hatari, kanuni na ukaguzi (zamani ya 8 na 4)
8. Hatua za kuanzia (zamani ya 9)
Viambatisho: mfumo unavyofanya kazi, mbinu, historia

Angalia namba 4. Haikuwepo kabisa. Andiko la awali lilimpa meneja njia moja tu ya kukubali au kukataa, naye akiwa na shaka kidogo hukataa, au hunyamaza. Mishale ndiyo iliyoonyesha pengo: sehemu ya gharama ilihitaji kujua inalinganisha nini na nini, na hapakuwa na mahali pa kuuanzishia huo mshale. Kupanga upya mara nyingi hukuonyesha sehemu uliyosahau kuiandika. Hapa ilikuwa nusu ukurasa tu.

Sehemu mbili zinahitajiana. Ya kwanza haieleweki bila ya pili, na ya pili haieleweki bila ya kwanza. Nifanyeje?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na ndipo wengi wanapokata tamaa na kurudi kwenye mpangilio wa zamani. Kwenye andiko la kirikuu lilitokea kati ya vituo na chaguo. Huwezi kuchagua magari ya kufunga gesi bila kujua vituo viko wapi. Na huwezi kusema foleni itapoteza saa ngapi bila kujua magari mangapi yamechaguliwa.

Karibu kila mara tatizo ni kwamba sehemu moja imebeba vitu vya aina mbili: hali ilivyo, na matokeo ya uamuzi. "Vituo viko hapa na hapa, na saa za asubuhi bajaji na teksi hujaa" ni hali ilivyo. Haihitaji uamuzi wowote kutangulia. "Tukifunga magari 14 tutapoteza saa kadhaa kwa wiki kwenye foleni" ni matokeo. Pasua sehemu pale mshono huo ulipo. Hali inakwenda kabla ya chaguo, matokeo yanakuja baada yake. Ndiyo maana ile sehemu ya 6 imegawanyika kuwa ya 3 na ya 5.

Ikitokea huwezi kupasua, mweleze msomaji kwa sentensi moja kwamba unachukulia jambo fulani kwa sasa na utalithibitisha sehemu fulani. Mara moja katika andiko inavumilika. Mara tatu, msomaji atahisi anakopeshwa kila ukurasa.

Mapendekezo yakae mbele au nyuma?

Uamuzi unaoombwa ukae ukurasa wa kwanza, hatua za utekelezaji zikae mwisho. Vitu hivi viwili huchanganywa chini ya kichwa kimoja cha "Mapendekezo", ndiyo maana ubishi hauishi.

Ukurasa wa kwanza wa andiko la kirikuu uliandikwa upya hivi: "Tunaomba idhini ya kufunga mfumo wa gesi kwenye magari 14 ya njia ndefu. Magari 26 ya mjini yabaki na petroli, kwa sababu kilomita zao hazirudishi gharama kwa wakati unaokubalika. Hatari kubwa ni foleni za kujaza, na imepimwa katika sehemu ya 5." Baada yake gharama na tarehe, basi.

Waandishi wetu wengi huona aibu kuanza na ombi. Tumelelewa kwamba mgeni husalimia, hukaa, hunywa maji, ndipo aseme lililomleta. Barazani ni adabu. Kwenye andiko, mkubwa asiyejua unaomba nini atasoma kurasa zote kwa wasiwasi wa kutafuta ombi limefichwa wapi.

Na kama najua meneja mmoja analipinga wazo tangu mwanzo?

Ombi bado libaki ukurasa wa kwanza. Ukilificha atalikuta tu, na hapo atakuwa na sababu mbili za kukataa. Kinachobadilika ni sehemu ipi ya mwili inaanza kumjibu. Kwenye mfano wetu, meneja wa uendeshaji alikuwa anaogopa foleni: "Madereva wangu watalala kituoni." Maadamu hofu hiyo haijajibiwa, hesabu ya fedha haimwingii. Kwa hiyo foleni ilitangulia gharama, ingawa kwa mishale mitupu zingeweza kukaa vyovyote. Pia muda wa foleni ni gharama, hivyo hesabu ya marejesho ilipofika ilikuwa imeshaubeba, na hakuweza kusema umefichwa.

Historia na mbinu nizitupe?

Zipeleke kwenye viambatisho, usizitupe. Mkaguzi atazitaka, na meneja atakayekuja mwakani atazitaka. Ila kipande cha mbinu kinachobeba uaminifu wa namba kibaki pale namba ilipo. Kwetu ilikuwa sentensi moja: kilomita zilisomwa kwenye geji za magari kila jioni kwa wiki sita. Ukiiondoa hiyo, jedwali la njia linakosa miguu.

## Kuhamisha ndani ya Word

Kuna njia salama kuliko kukata na kubandika?

Ipo, iwapo vichwa vyako vimewekwa kwa mitindo ya `Heading 1`, `Heading 2` na kadhalika, badala ya kukoleza wino tu. Fungua `View`, weka alama kwenye `Navigation Pane`, na orodha ya vichwa itatokea kushoto. Shika kichwa kwa kipanya, kivute hadi mahali pake papya, uachie. Kila kilicho chini yake, pamoja na vichwa vidogo, majedwali na tanbihi, kinahama nacho.

Mitego ni miwili. Kichwa kilichowekwa ndani ya jedwali au kisanduku cha maandishi hakionekani kwenye orodha hiyo, kwa hiyo utadhani kimepotea kumbe kimejificha. Na kichwa chenye ngazi isiyo yake, kwa mfano `Heading 1` mahali pa `Heading 2`, hakitafuata mzazi wake kikihamishwa. Kitabaki nyuma kama mtoto aliyesahaulika stendi. Pitia ngazi zote kabla ya kuvuta chochote, na hifadhi nakala yenye jina jingine.

Baada ya kuhamisha, namba za sehemu na majedwali zimevurugika.

Kama rejea ziliwekwa kwa `References` kisha `Cross-reference`, bonyeza `Ctrl+A`, halafu `F9`, nazo zitajisahihisha. Ukiulizwa kuhusu yaliyomo, chagua `Update entire table`. Kumbuka kuwa `Ctrl+A` haichagui tanbihi. Ingia kwenye tanbihi mojawapo, rudia kitendo hichohicho.

Ukiona `Error! Reference source not found.`, maana yake kile kichwa au jedwali lililokuwa likirejelewa limefutwa, pengine ulipoamua kuandika kichwa upya badala ya kukirekebisha. Ubaya wa ujumbe huo ni kwamba haujitokezi mpaka rejea zisasishwe. Andiko linaweza kuonekana safi kwenye skrini, kisha likachapwa na ujumbe huo mara saba mbele ya bodi. Kwa hiyo sasisha mwenyewe, kisha utafute neno `Error!` kabla ya kumtumia mtu yeyote.

Na kama rejea ziliandikwa kwa mkono, "tazama Jedwali la 4", hakuna kitufe cha kukuokoa. Tafuta neno "Jedwali", "Kielelezo", "Sehemu" na "Kiambatisho", moja baada ya jingine, uyakague kwa macho.

Kuna kitu gani kingine kinachokatika, ambacho Word haikioni?

Maneno yanayojua yamekaa wapi. "Kama tulivyoona hapo juu" inageuka uongo sehemu ikihamia mbele. Tafuta "hapo juu", "hapo chini", "tulivyoona", "tutakavyoona", "iliyotangulia", "ifuatayo", "tayari", "tena". Mimi niliwahi kukosa moja. Nilihamisha sehemu, nikaacha sentensi isemayo "jedwali lililo hapo juu linathibitisha", na hapo juu kulikuwa na picha ya godauni. Mkurugenzi aliuliza godauni linathibitisha nini. Nilicheka na wenzangu, ila usiku sikulala.

Vifupisho navyo huhama. EWURA, yaani mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilifafanuliwa kwenye sehemu ya 1 ya zamani ambayo sasa iko kiambatishoni, na sehemu ya 1 mpya inaitaja bila kuitambulisha. Kila kifupisho kitafute, ukahakikishe ufafanuzi uko pale kinapotokea mara ya kwanza katika mpangilio mpya.

Cha mwisho ni sentensi za mwanzo na mwisho wa kila sehemu. Zile ziliandikwa kupokea jirani wa zamani. Zisome peke yake, mwisho wa hii na mwanzo wa inayofuata, bila katikati. Kwenye andiko la kirikuu, mishono mitano kati ya minane ilibidi kuandikwa upya.

Niache `Track Changes` ikiwa imewashwa?

Kwa kuhamisha, hapana. Sehemu ya kurasa tano ikihama, wakubwa wataona kurasa tano zimekatwa mahali pamoja na kurasa tano zimeingia pengine, zote zikiwa na rangi, na badiliko la maneno matatu lililo muhimu litazama humo. Fanya awamu mbili. Kwanza hamisha bila kubadilisha neno, ukiwa umeizima, na uambatanishe jedwali dogo la safu mbili: sehemu ilikuwa wapi, iko wapi sasa. Wakishakubali mpangilio, iwashe, uanze kurekebisha mishono. Atakayetaka kuhakikisha hukuchomeka kitu awamu ya kwanza anaweza kutumia `Review` kisha `Compare` kati ya nakala mbili.

## Hali ngumu

Ofisi yetu ina kiolezo chenye vichwa visivyobadilika: Utangulizi, Mbinu, Matokeo, Mjadala, Mapendekezo. Nimefungwa mikono?

Si sana. Vichwa vikuu viache, upange upya vilivyo chini yake. Kwenye "Matokeo" weka bili, kisha njia, kisha vituo. Kwenye "Mjadala" weka chaguo, foleni, gharama, hatari. "Mbinu" ifanye aya mbili zinazoelekeza kiambatishoni. Ukurasa wa uamuzi uweke kabla ya Utangulizi kama barua ya kusindikiza. Sijaona kiolezo kinachokataza barua.

Tumeandika watu watano, na kila mmoja anataka sehemu yake ikae mbele.

Usijadili sehemu, jadili sentensi. Waite wote, bandika ukutani sentensi moja ya kila sehemu, mkachore mishale pamoja. Mtu anayegombea kurasa zake nane za historia hushindwa kuzigombea anapoona hakuna mshale unaotoka humo. Ni vyema akagundua mwenyewe kuliko kuambiwa na mhariri kutoka nje. Mzee wetu mmoja wa idara ya ufundi aliitoa sehemu yake mwenyewe ukutani, akaiweka mezani, akasema, "Hii kiambatisho."

Andiko ni la Kiingereza lakini kikao kitakuwa cha Kiswahili. Mpangilio unahusika?

Unahusika kuliko watu wanavyodhani. Muhtasari wa Kiswahili mara nyingi huandikwa na mtu mwingine, mapema, kwa kufuata mpangilio wa zamani. Kikaoni mmoja anasema "sehemu ya tano" akimaanisha foleni, mwingine anafungua bili ya petroli. Andika muhtasari baada ya mpangilio kufungwa, na namba za sehemu ziwe zilezile katika lugha zote mbili.

Bei zinabadilika wakati bado napanga. Nifanyeje?

Kusanya kila bei katika sehemu moja. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, Jumatano ya kwanza. Andiko la awali lilikuwa limetaja bei ya petroli sehemu nne tofauti, na mbili kati yake zilikuwa za miezi tofauti. Sasa bei na tarehe yake zipo kwenye sehemu ya 1 pekee. Kwingine kote andiko linasema "kwa bei ya sehemu ya 1". Bei ikibadilika, unagusa mahali pamoja, kisha unarudia hesabu ya sehemu ya 6.

Nitajuaje kwamba sasa limekaa sawa?

Mpe mtu wa ofisini asiyehusika, dakika tano kwa saa. Mwondolee andiko, umuulize: wanaomba nini, kwa sababu gani, na nini kinaweza kwenda vibaya? Akijibu la kwanza tu, ukurasa wa kwanza ni mzuri, ila vichwa vya ndani havisemi kitu. Jaribu kuvigeuza kuwa madai: badala ya "Njia", andika "Magari 14 ndiyo yanayotembea zaidi".

Jaribio la pili ni la anayesoma yote. Mwombe aandike pembeni swali kila linapomjia kichwani. Kisha tazama: jibu lake liko kurasa ngapi mbele? Likiwa ukurasa huohuo au unaofuata, mpangilio unafuata akili ya msomaji. Likiwa kurasa kumi mbele, hapo pana mshale ulioukosa. Likiwa kurasa kumi nyuma, alishalisoma kabla hajalihitaji na akalisahau. Rudia kwa sentensi moja na utaje sehemu.

Andiko la kirikuu lilipopita jaribio hilo lilikuwa na kurasa 19 na viambatisho. Msomaji wetu, mhasibu wa idara nyingine, aliandika maswali sita pembeni. Matano yalijibiwa ndani ya ukurasa unaofuata. La sita lilikuwa "mtungi unakula nafasi ya mzigo kiasi gani?" Hakuna aliyekuwa amelifikiria. Tulirudi Vingunguti na futi ya kupimia.